Mboni moja imebadilika ghafla, kope limeanguka, anaona viwili: mwongozo kamili wa kujua lini ni dharura

Mboni za macho mawili zikitofautiana ukubwa, mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Takriban mtu mmoja kati ya watano ana tofauti ndogo, kwa kawaida isiyofika milimita moja, na wengi wao hawajui mpaka siku mtu awatazame kwa karibu. Kope zao ziko sawa, macho yanageuka pande zote, na ukiwamulika mboni zote mbili zinasinyaa. Hao waache na maisha yao.

Habari hubadilika pale tofauti inapotokea ghafla, yaani leo ipo na juzi haikuwepo, halafu ikaja pamoja na kope lililoanguka au kuona vitu viwili viwili. Hapo huulizi tena kama uende hospitali. Unauliza uende hospitali gani, kwa haraka kiasi gani, na ukifika useme nini ili usiambiwe ukae foleni ya miwani.

Mwongozo huu unashughulika hasa na magonjwa mawili ambayo ukiyachelewesha yanaua au yanaleta kiharusi: mshipa wa damu uliotuna chini ya ubongo ukabana neva ya tatu, na ateri ya shingo iliyochanika kwa ndani. Mengine nitayagusa kwa kuwa yanafanana nayo.

Wa kupelekwa sasa hivi, bila kupima chochote nyumbani

Kama mgonjwa ana moja kati ya haya, acha kusoma umpeleke: kichwa kilichomlipuka ghafla kwa maumivu ambayo hajawahi kuyapata, shingo kukakamaa au kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au degedege, mkono au mguu kulegea, mdomo kwenda upande, maneno kutotoka vizuri, kichwa kugongwa ndani ya siku chache zilizopita, homa kali pamoja na kichwa kuuma, au macho kupoteza nuru. Vipimo vya hapa chini ni kwa yule aliye macho, anaongea vizuri, na mna dakika tano wakati usafiri unatafutwa. Havichukui nafasi ya hospitali. Kazi yake ni kukuwezesha kufika na maelezo yanayoeleweka.

Kwa nini upande wa kope ndio unaoeleza kila kitu

Kuna njia mbili za neva zinazoendesha mboni, na kila moja inagusa kope kwa namna yake.

Ya kwanza ni neva ya tatu ya fuvu. Inatoka kwenye shina la ubongo, inapita jirani kabisa na ateri kubwa zilizo chini ya ubongo, kisha inaingia kwenye tundu la jicho. Hiyo ndiyo inayonyanyua kope la juu, inayoendesha misuli minne kati ya sita inayogeuza jicho, na inayosinyaza mboni kwenye mwanga. Ikifa, kope linaanguka sana, hata kulifunika jicho lote. Jicho linabaki limetazama nje na chini kidogo. Na mboni inapanuka, haisinyai hata ukiimulika.

Ya pili ni neva za mfumo wa simpathetiki, na safari yake ni ndefu. Zinatoka kwenye ubongo, zinashuka na uti wa mgongo mpaka sehemu ya juu ya kifua, zinapita karibu na ncha ya pafu, kisha zinapanda tena shingoni zikiwa zimeizunguka ateri ya karotidi mpaka jichoni. Kazi yake ni kupanua mboni gizani na kusaidia kushikilia kope. Zikikatika popote njiani, mboni inakuwa ndogo na kope linashuka kidogo tu, milimita moja au mbili. Hali hii inaitwa Horner, kwa jina la daktari wa macho wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1869.

Kwa hiyo swali la kwanza ni rahisi: kope limeanguka upande wa mboni kubwa, au upande wa mboni ndogo? Likiwa upande wa kubwa, wasiwasi uko kwenye neva ya tatu. Likiwa upande wa ndogo, wasiwasi uko kwenye njia ile ndefu, na hasa shingoni. Watu wengi, hata wahudumu wa afya, huitazama mboni kubwa peke yake kwa sababu ndiyo inayotisha, wakasahau kwamba mara nyingine iliyoharibika ni ile ndogo.

Hatua ya 1: itazame mboni kwenye mwanga, kisha gizani

Macho yetu mengi ni meusi au kahawia iliyokolea, na mboni nyeusi katikati yake haionekani kirahisi. Ukimmulika mtu usoni moja kwa moja utaona mng'ao tu. Fanya hivi.

Mkalishe karibu na dirisha mchana, atazame kitu cha mbali, mti au paa la jirani. Asitazame simu wala uso wako, kwa sababu mtu akitazama kitu cha karibu mboni husinyaa zenyewe na utadanganyika. Piga picha ya macho yote mawili kwa pamoja ukiwa umbali wa mkono, vuta kwa zumu, flashi ikiwa imezimwa. Kama kope limefunika jicho, mtu mwingine alinyanyue kwa kidole gumba bila kulibana jicho.

Kisha ingieni chumba chenye giza. Shika tochi ya simu chini ya kidevu chake ikielekea juu, ili mwanga upite ukiparaza macho tu, naye aendelee kutazama mbali. Rekodi video ya sekunde 30 tangu taa ya chumba ilipozimwa. Video ni bora kuliko picha hapa, maana mboni ya Horner haikatai kupanuka. Inachelewa. Ile nzima inapanuka mara moja, iliyoathirika inajivuta, na baada ya sekunde 15 au 20 tofauti inapungua kidogo.

Tafsiri yake ni hii. Tofauti ikiwa kubwa zaidi kwenye mwanga, iliyoharibika ni mboni kubwa, maana imeshindwa kusinyaa. Tofauti ikiwa kubwa zaidi gizani, iliyoharibika ni mboni ndogo, maana imeshindwa kupanuka. Ikiwa sawasawa kote kote, na kope na mwendo wa macho ni vya kawaida, huenda ni ile tofauti isiyo na ugonjwa.

Hatua ya 2: kope limeanguka kiasi gani

Kope la neva ya tatu huwa zito. Mgonjwa anainua nyusi, anainamisha kichwa nyuma, analinyanyua kwa kidole ili aone. Kope la Horner ni jepesi hivi kwamba nduguze wanasema "anaonekana amechoka jicho moja". Ukichunguza, kope la chini nalo limepanda kidogo, na jicho linaonekana limeingia ndani.

Kuna kosa moja la kawaida la kuchukulia kope lililoanguka kuwa ni kupooza uso. Aliyepooza neva ya uso hushindwa *kufumba* jicho, na mdomo unakwenda upande. Kope lake la juu halianguki kufunika jicho. Mgonjwa wetu anashindwa *kufumbua*. Mkimsikia mtu anashauri achuliwe uso kwa mafuta kwa kuwa amepigwa na upepo, mwambieni mgonjwa afumbe na kufumbua macho mbele yenu kwanza.

Hatua ya 3: anaona viwili kweli?

Hapa pana mtego. Kope likilifunika jicho lote, mgonjwa haoni viwili, kwa sababu anaona kwa jicho moja tu. Atakujibu kwa uhakika kabisa kwamba anaona vizuri. Linyanyue kope, kisha umuulize tena.

Akiona viwili, funika jicho moja, halafu lingine. Vikiwa viwili vinaondoka kila jicho lolote linapofunikwa, basi macho hayatazami pamoja, na shida iko kwenye neva au misuli. Vikibaki viwili hata jicho moja likiwa limefunikwa, shida iko ndani ya jicho lenyewe, kama mtoto wa jicho au haja ya miwani, na hiyo si dharura ya leo.

Halafu mwambie asigeuze kichwa, afuate kidole chako kwa macho tu: kulia, kushoto, juu na chini kila upande. Neva ya tatu ikiwa imeathirika, jicho haliendi kuelekea puani, haliendi juu, na chini linakwenda kwa shida. Kuelekea sikioni linakwenda vizuri, kwa sababu huko linaendeshwa na neva nyingine, ya sita.

Hatua ya 4: picha za zamani na maswali mawili matatu

Tafuta picha ya uso ya mwaka jana kwenye simu, iliyo karibu na yenye mwanga mzuri, au kitambulisho. Kope lililoshuka tangu utotoni litaonekana humo. Kisha uliza: ilianza saa ngapi, na nani aliiona kwanza? Maumivu yako wapi: nyuma ya jicho, kisogoni, shingoni? Amewekewa dawa gani ya macho? Ametumia mashine ya kuvuta mvuke wa dawa ya pumu? Amegongwa, ameanguka, amezungushwa shingo? Ana kisukari au shinikizo la damu?

Yaandike na saa yake.

Mfano wa kwanza: kope upande wa mboni kubwa

Chukua mama wa miaka 48, muuza vitenge, Morogoro. Jumapili alianza kuumwa nyuma ya jicho la kulia. Alipimwa presha ikaonekana iko juu kidogo, akapewa dawa ya maumivu, akaambiwa ni kipanda uso. Jumanne alfajiri ameamka, kope la kulia limeshuka nusu. Mchana limefunga jicho kabisa. Mumewe akilinyanyua, mboni ya kulia kwenye mwanga wa dirisha ni kama milimita 6, ya kushoto ni 3. Jicho limetazama nje. Kope likinyanyuliwa anaona watu wawili mlangoni. Yuko timamu, anatembea, anaongea.

Huyu ana neva ya tatu iliyobanwa, na kinachohofiwa kwanza ni aneurizimu: sehemu ya ukuta wa ateri iliyodhoofika ikatuna. Mahali panapohusika zaidi ni pale ateri inayounganisha mzunguko wa mbele na wa nyuma wa ubongo inapoungana na karotidi ya ndani, kwa sababu neva ya tatu inapita ubavuni mwake. Nyuzi za mboni zimelala juujuu ya neva hiyo, upande unaosukumwa, ndiyo maana kitu kinachobana huzigusa mapema. Aneurizimu iliyokaa kimya miaka, ikianza kubana neva ghafla, ina maana inakua au imeshaanza kuvuja. Ikipasuka, damu inamwagika kuuzunguka ubongo, na sehemu kubwa ya wanaopasukiwa hufa au kubaki na ulemavu. Kati ya kope kuanguka na mshipa kupasuka unaweza kuwa na siku kadhaa, au usiwe nazo.

Kwa mama huyu, mambo ya kufanya ni haya. Alazwe kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mto, asinyanyue vitu, asijikaze chooni. Kwa maumivu apewe parasetamoli; asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni mpaka ijulikane kwamba hakuna damu kichwani. Dawa zake za presha aendelee nazo kama kawaida, lakini nyumbani msimwongezee dozi ili kuishusha kwa nguvu. Aende hospitali yenye CT, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, kwa gari na akiwa na mtu, asipande bodaboda peke yake.

Mapokezi usiseme "anaumwa jicho". Ukisema hivyo atapelekwa kliniki ya macho kesho asubuhi. Sema hivi, au mpe muuguzi kikaratasi: "Kope la kulia limeanguka ghafla tangu leo alfajiri. Mboni ya kulia ni kubwa na haisinyai. Jicho haligeuki ndani, anaona viwili. Kichwa kimemuuma siku mbili. Tunaogopa aneurizimu, anahitaji picha ya mishipa ya ubongo." Onyesha na picha za kwenye simu.

Na kabla mtu hajamwekea matone yoyote machoni, zuia. Kwenye kliniki nyingi mgonjwa akiingia tu anawekewa matone ya kupanua mboni ili sehemu ya nyuma ya jicho ionekane. Yakishawekwa, ushahidi umekwenda kwa saa kadhaa, na kama ni atropini, kwa wiki moja hadi mbili. Mboni zipimwe na ziandikwe kwanza, kwenye mwanga na gizani, kwa milimita.

Picha ipi, na mtego wa "CT iko sawa"

Hapa ndipo wagonjwa wanapopotea, na nitakaa kidogo. Picha ya CT ya kawaida, isiyo na dawa ya kuonyesha mishipa, ni nzuri sana kwa kutafuta damu iliyomwagika, hasa ndani ya saa 6 za mwanzo. Lakini aneurizimu ambayo haijapasuka inaweza isionekane humo kabisa. Mgonjwa anarudishwa nyumbani na majibu yameandikwa hakuna tatizo, wakati swali lililompeleka halijajibiwa.

Kinachojibu swali ni picha ya mishipa yenyewe: CT yenye dawa inayochomwa mshipani, au MRI ya mishipa. CT ya mishipa hupatikana kwa wepesi zaidi, na mashine nzuri ikisomwa na mzoefu, aneurizimu ya kutosha kubana neva ni nadra kuikosa. Uliza waziwazi: "Hii ni CT ya kawaida au ya mishipa?" Kama kichwa kilimuuma ghafla na CT ya kawaida haikuonyesha damu, daktari anaweza pia kutaka maji ya uti wa mgongo, ambayo kuanzia saa 12 hivi tangu maumivu yaanze huonyesha rangi ya njano ya damu ya zamani.

Hospitali nyingi za rufaa za mikoa Tanzania sasa zina CT. Ikionekana aneurizimu, safari inayofuata ni kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo, kama walioko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, au kwa walio Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mshipa hubanwa kwa klipu kwa kufungua fuvu, au huzibwa kwa ndani kwa waya laini zinazopitishwa kwenye ateri ya paja au ya mkono. Kope na mboni huweza kurudi polepole kwa miezi, na kadiri neva ilivyobanuliwa mapema ndivyo matumaini yanavyokuwa makubwa.

Mwenye kisukari: lini mtu anaruhusiwa kusubiri

Sababu inayoonekana mara nyingi kwa watu wazima wenye kisukari au presha ni nyingine: mishipa midogo inayolisha neva ya tatu inaziba, neva inakosa damu katikati yake. Nyuzi za mboni zilizo juujuu kwa kawaida zinasalimika. Kope linaanguka, jicho haligeuki, lakini mboni ni sawa na ya upande wa pili. Hii huanza kupona yenyewe na kwa kawaida imeisha ndani ya miezi mitatu.

Ndiyo maana utasikia ikisemwa kwamba mboni ikiwa nzima hakuna hatari. Kauli hiyo ina masharti ambayo watu huyasahau. Inafaa tu kama kope limeanguka *lote* na jicho limeshindwa *kabisa* kugeuka ndani, juu na chini, na bado mboni ni nzima. Kama kope limeanguka nusu na jicho bado linageuka kidogo, mboni nzima haina maana. Huenda kibanacho bado hakijafika kwake. Maumivu nayo hayasaidii kutofautisha, maana hali zote mbili huuma. Wala kuwa na kisukari si kinga ya aneurizimu. Madaktari wengi siku hizi, picha ikipatikana, hupiga kwa wote, na mimi naona ndivyo inavyopaswa.

Aliyeambiwa asubiri, mboni yake itazamwe kila siku wiki ya kwanza, kwa picha ya dirishani ile ile. Ikianza kupanuka, arudi siku hiyo hiyo. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, apigwe picha. Na kuna dalili moja ya kushangaza: kope lililokuwa limeanguka linaanza kupanda juu pale jicho linapogeuzwa ndani au chini. Hiyo ina maana nyuzi zimeota upya zikashika misuli isiyo yake, jambo ambalo ugonjwa wa kisukari haufanyi. Hapo kuna kitu kinachobana, atafutwe.

Kuhusu kuona viwili, kufunika jicho moja kwa kitambaa kunatosha kwa sasa. Mtu mzima hadhuriki kwa kufunika, ila asiendeshe gari wala pikipiki.

Mfano wa pili: kope upande wa mboni ndogo

Kijana wa miaka 34, dereva. Ijumaa kinyozi alimaliza kumnyoa, akamchua mabega, akamzungusha shingo mpaka ikalia. Jumamosi shingo ya kushoto inauma, maumivu yanapanda taya mpaka juu ya jicho. Jumapili mkewe anasema jicho la kushoto limelegea. Dirishani tofauti ya mboni haionekani sana. Gizani ya kulia imefunguka mara moja, ya kushoto imebaki ndogo. Haoni viwili.

Angekwenda duka la dawa angepewa dawa ya misuli. Lakini kope lililoshuka kidogo, mboni ndogo, na maumivu ya shingo, uso au kichwa upande huo huo huchukuliwa kuwa ni kuchanika kwa ukuta wa ndani wa karotidi mpaka ithibitike vinginevyo. Damu inaingia kati ya tabaka za ukuta wa ateri, inautanua, inazikandamiza neva zilizoizunguka. Hatari yenyewe iko ubongoni: bonge la damu likijijenga kwenye mchaniko na kupanda juu, ni kiharusi kwa kijana asiye na presha. Siku za mwanzo, mpaka wiki mbili hivi, ndizo zenye hatari kubwa. Si lazima shingo iwe imezungushwa. Ajali, mkanda wa gari, kukohoa sana au kubeba mzigo mzito vinaweza kutosha, na mara nyingine hakionekani chochote.

Huyu naye aende leo, shingo isichuliwe tena. Picha anayohitaji ni CT au MRI ya mishipa kuanzia juu ya kifua mpaka kichwani. Ya kichwa peke yake itaikosa shingo. Mchaniko ukithibitika, hutibiwa kwa aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Ona hapo: dawa iliyokatazwa kwa mama wa kwanza ndiyo inayoweza kuwa tiba ya huyu. Kwa hiyo nyumbani msimpe aspirini yeyote kati yao.

Horner isiyo na maumivu, iliyoanza kwa wiki au miezi, inahitaji picha pia, lakini kasi yake ni ya siku, si ya saa. Mvutaji sigara mwenye maumivu ya bega na mkono upande huo atafutiwe uvimbe wa ncha ya pafu. Mtoto mdogo mwenye Horner mpya achunguzwe shingo, kifua na tumbo, kwa sababu kuna saratani ya watoto inayoanzia kwenye neva hizo hizo. Horner pamoja na kizunguzungu kikali, kumeza kwa shida na kuyumba ni kiharusi cha shina la ubongo, na huyo ni wa sasa hivi.

Kichwa kilichogongwa

Aliyeanguka na bodaboda akaamka, akaongea, akasema yuko salama, kisha baada ya saa chache akaanza kusinzia na mboni moja ikapanuka, ana damu inayojikusanya ndani ya fuvu na ubongo unasukumwa. Hapa hesabu ni ya dakika. Hakuna kupiga picha dirishani.

Ila usigeuze kanuni hii kichwa chini. Mtu aliye macho, anayeongea na kutembea na mboni moja kubwa, hana ubongo uliosukumwa kiasi hicho. Kama jicho lenyewe lilipigwa ngumi au mpira, mara nyingi ni msuli wa mboni ulioumia, na jicho hilo lipimwe na daktari wa macho.

Vinavyofanana

Mboni kubwa peke yake, kope zima, jicho linageuka vizuri, hakuna kuona viwili: fikiria dawa. Tone la atropini lililogusa kidole, mvuke wa dawa ya pumu yenye ipratropiamu uliovuja kwenye ukingo wa maski, au mmea wa datura ulioshikwa shambani kisha jicho likasuguliwa. Hospitalini, tone la pilokapini la asilimia 1 husinyaza mboni ya neva ya tatu lakini halisinyazi ile iliyofungwa na dawa.

Jicho jekundu, linalouma, lenye ukungu, mboni imepanuka nusu na mgonjwa anatapika na kuona duara la rangi kuzunguka taa: hiyo ni presha ya jicho iliyopanda ghafla. Ni dharura ya kliniki ya macho siku hiyo hiyo.

Kope na kuona viwili vinavyozidi jioni na kupungua asubuhi, mboni zikiwa sawa kabisa, vinaelekea mayasthenia. Huo ni ugonjwa unaodhoofisha misuli, na haugusi mboni. Unakuwa dharura pale kumeza au kupumua kunapokuwa kwa shida. Na kope zote mbili zikianguka baada ya kuumwa na nyoka, au baada ya kula chakula cha kopo kilichoharibika, sumu inashuka kuelekea misuli ya kupumulia. Mpeleke penye mashine ya kupumulia na, kwa nyoka, dawa ya sumu yake.

Kichwa cha ghafla, macho kupoteza nuru, kuona viwili na kutapika kwa pamoja kunaweza kuwa tezi ya pituitari iliyovuja damu. Mgonjwa huyo anakosa homoni za kumudu maradhi na presha inaweza kushuka ghafla, hivyo huanzishiwa haidrokotisoni ya mshipani mapema, kwa kawaida miligramu 100, kabla hata ya picha. Kwa anayeishi na VVU, neva ya tatu pamoja na homa au kichwa cha muda mrefu ifikiriwe homa ya uti wa mgongo ya fangasi au ya kifua kikuu. Na kwa aliyezidi miaka 50 mwenye maumivu ya panja na taya kuuma anapotafuna, damu ipimwe haraka kwa ajili ya uvimbe wa ateri za kichwa, maana huo hupofusha.